Tuisheni ya hesabu Mwanza: nitajuaje kama inampandisha mtoto kweli? (Maswali yanayoulizwa sana)

Nimefundisha tuisheni ya hesabu Igoma na Nyakato kwa miaka kadhaa, na mwaka fulani nikajikuta upande wa pili, namtafutia ticha mpwa wangu aliyekuwa fomu foo. Haya ndo maswali wazazi na wanafunzi wananiuliza sana, wengine wananisimamisha hadi kwenye daladala. Naongelea hesabu ya kidato cha nne tu, ile besiki mathe, maana ndo inayowasumbua wengi na ndo ninayoijua.

Mtoto anaenda tuisheni kila siku, anarudi na daftari limejaa, nitajuaje kama anapanda au anaenda tu?

Daftari kujaa haikwambii kitu. Nimeona madaftari masafi kabisa, kila swali lina tiki, na mwenye daftari ukimpa swali lilelile wiki moja baadae bila kuangalia hajui aanzie wapi. Alichofanya ni kunakili ubaoni, na wakati ananakili alikuwa anaelewa kweli, hadanganyi, ila kuelewa mtu mwingine anapofanya na kufanya mwenyewe ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kipimo ninachokiamini ni kimoja: pasti pepa nzima ya NECTA ambayo hajawahi kuiona, anaifanya peke yake, masaa 3, simu iko kwako, halafu inasahihishwa na mtu mwingine, sio yeye na sio ticha wake. Unafanya hivyo KABLA hajaanza tuisheni, ukishafanya unatunza, halafu unarudia na pepa nyingine baadae. Bila hiyo ya kwanza huna cha kulinganisha, utabaki kusema "naona kama anabadilika".

Hiyo pepa ya kuanzia naichaguaje?

Hapa wengi wanakosea. Pepa za zamani zilikuwa na maswali 16, seksheni A maswali 10 ya lazima na seksheni B unachagua manne kati ya sita. Za karibuni ni maswali 14 na yote lazima, seksheni A maswali 10 ya maksi 6 kila moja, seksheni B maswali 4 ya maksi 10 kila moja. Sasa ukimpa mwezi wa kwanza pepa ya lazima yote, alafu mwezi wa tatu ukampa ile ya kuchagua, maksi zitapanda hata kama hajajifunza chochote, kwa sababu ameruka maswali yanayomshinda. Chukua zote za aina moja.

Cha pili, tafuta pepa nne au tano mapema uzifungie kabatini, na umwambie ticha waziwazi "pepa za miaka hii naomba usiziguse". Matuisheni mengi yanasolvu pasti pepa kila siku, kwa hiyo usipoziweka pembeni mtoto atakuwa ameshaziona zote na kipimo chako kimekufa.

Cha tatu, mwanzoni fanya pepa mbili ndani ya wiki moja, sio moja. Pepa moja inaweza kumwangukia vizuri, topiki mbili anazozijua zikaja pamoja, akapata maksi 8 za bahati. Mpwa wangu ya kwanza alipata 19, ya pili 23, nikaandika 21 na ndo ikawa namba yetu. Kukumbusha tu madaraja, F ni chini ya 30, D inaanzia 30, C 45, B 65 na A 75. Kwa hiyo tulianza tukiwa F, tena mbali na D.

Ticha wake anatoa jaribio kila Jumamosi na mtoto anapata 70. Si anapanda huyo?

Inawezekana, ila angalia jaribio limetungwaje. Mpwa wangu tulimpeleka kwenye tuisheni moja yenye jina, vijana wengi, ticha mchangamfu anayejua kuongea. Baada ya miezi miwili majaribio yanasema 68, mara 74. Dada yangu kafurahi sana, anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba na hela ya tuisheni inatoka kwenye hiyohiyo dagaa, akaniambia "kaka, sasa mtoto ameshika hesabu". Nikatoa pepa moja kabatini. 24.

Kutoka 21 hadi 24 hiyo sio kupanda, ni kuyumba kwa kawaida. Nikaomba yale majaribio niyaone. Wiki walipofundishwa logarithimu, jaribio lote lilikuwa logarithimu, na maswali ni yaleyale ya ubaoni yamebadilishwa namba. Mtoto akishajua leo ni logarithimu hana haja ya kufikiria swali linataka nini, anafuata hatua tu. Kwenye NECTA hakuna anayekwambia hii ni topiki gani, maswali 14 yamechanganywa kuanzia ya fomu wani mpaka fomu foo, na nusu ya kazi ni kutambua swali linataka nini. Hiyo nusu ilikuwa haijafundishwa wala kupimwa.

Kwa hiyo mwulize ticha maswali mawili: jaribio linachanganya topiki ngapi, na la mwisho linahusu mlichofundishana wiki hii au mwezi uliopita? Akisema anachanganya na anarudi nyuma, hizo 70 zina uzito. Akisema ni ya wiki hii tu, usizihesabu.

Sasa 24 kwa 100 inaniambia nini zaidi ya kwamba amefeli?

Hapa ndo penye utajiri wote, na naomba usome taratibu maana watu wengi wanaangalia namba juu ya karatasi wanaiweka pembeni.

Chukua karatasi iliyosahihishwa uhesabu maksi ALIZOPOTEZA, uzigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza maswali ambayo hakugusa au aliandika mstari mmoja akaacha. La pili aliyoanza vizuri, njia ni sahihi, akaharibu katikati. La tatu alifanya hesabu nzuri ila ya swali lingine, yaani hakuelewa swali linauliza nini. Ile pepa ya mpwa wangu alipoteza 76, nikapata 41 hakugusa, 24 aliharibu katikati, 11 alielewa vibaya.

Dada aliona 41 akasema atafutiwe ticha wa kumaliza topiki za fomu foo haraka. Mimi nikaenda kwenye zile 24 kwanza, nikazipitia mstari kwa mstari, na karibu zote zilikuwa kosa moja. Angalia hili:

```
2(x - 3) - 3(x - 5) = 4
```

Yeye aliandika:

```
2x - 6 - 3x - 15 = 4
-x - 21 = 4
x = -25
```

Ilitakiwa -3 ikizidishwa na -5 itoe +15, kwa hiyo:

```
2x - 6 - 3x + 15 = 4
-x + 9 = 4
x = 5
```

Ukirudisha 5 kwenye swali unapata 2 mara 2 kutoa 0, ambayo ni 4, imekubali. Hakurudisha jibu kwenye swali maana hakuna aliyewahi kumzoesha.

Sasa twende kwenye kodineti jometri, ameambiwa atafute gradienti ya mstari unaopita (2, -3) na (5, 6). Fomula anaijua kabisa. Akaandika 6 kutoa 3 gawanya kwa 3, jibu 1. Sahihi ni 6 kutoa hasi 3, yaani 9, gawanya kwa 3, jibu 3. Umeona? Ni ugonjwa uleule wa alama ya kutoa, umevaa nguo ya topiki nyingine. Na nikagundua hata yale 41 ambayo hakugusa, mengine aliyaacha kwa sababu alishaanza kwenye karatasi ya pembeni, jibu likatoka la ajabu, akakata tamaa akafuta.

Huyo mtoto hata ukimpeleka kwa ticha bora Mwanza nzima anayefundisha matrisi na linia programing atabaki hapohapo, kwa sababu kila topiki inapita kwenye alama, sehemu na kufungua mabano. Alihitaji mtu wa kurudi fomu wani naye wiki tatu bila aibu. Ndo maana nasema ticha anachaguliwa baada ya kusoma makosa, sio kabla.

Ticha mzuri nitamjuaje kabla sijalipa mwezi mzima?

Omba kipindi kimoja, lipia hicho tu, na wewe mzazi ukae hapo, hata kama hesabu huijui. Huangalii hesabu, unaangalia nani ameshika kalamu. Kwenye saa moja ya mtu mmoja au wawili, kama ticha ameshika kalamu zaidi ya nusu ya muda, hapo mtoto anaangalia sinema.

Mpe ile karatasi yenye makosa. Ticha anayejua kazi ataisoma kwanza, atamwambia mtoto "hebu nionyeshe hapa ulifikiria nini", na atasubiri, hata kama ukimya unachosha. Asiyejua ataiweka pembeni aanze na "leo tunaanza topiki ya kwanza".

Huyu tuliyempata baadae, kijana mmoja aliyekuwa anakaa maeneo ya Nyegezi, alifanya kitu ambacho mpaka leo nakitumia. Mpwa wangu alipopata jibu sahihi ticha hakusema "safi", alimuuliza "umejuaje ni sahihi?" Mtoto kimya. Akamuuliza tena taratibu "kama mimi sipo hapa, ungejihakikishiaje?" Ndo siku ya kwanza mpwa wangu alirudisha jibu kwenye swali.

Vyeti uliza, sawa, ila niseme ukweli wangu, mtu aliyepata A ya hesabu bila kuhangaika mara nyingi hajui mtoto anakwama wapi. Mwenye kujua makosa ya watoto ni yule aliyesahihisha madaftari mengi.

Tuisheni ya watu 60 kwa bei ndogo au ticha wa nyumbani?

Piga hesabu ya dakika. Masaa mawili ni dakika 120, watu 60, hata ticha akizunguka bila kupumzika kila mtu anapata dakika 2. Kwenye dakika 2 hakuna anayeona kosa la alama. Ila kwa mtoto ambaye msingi wake uko vizuri na fungu lake kubwa la maksi zilizopotea ni topiki ambazo shuleni hazikufundishwa, darasa kubwa linamtosha kabisa, anahitaji kuelezwa tu mazoezi atafanya mwenyewe.

Sisi tulifanya katikati. Tulikusanya watoto wanne wenye makosa yanayofanana, sio marafiki wanne, tukagawana gharama, ticha akaja mara mbili kwa wiki. Ilikuwa nafuu kuliko ticha wa peke yake na dada aliimudu.

Diskasheni bila ticha inasaidia?

Inasaidia ikiwa na utaratibu, bila utaratibu ni kijiwe. Watu watatu hadi watano, wakizidi hapo wawili wanafanya na wengine wanatikisa vichwa. Usikusanye watu ambao wote wanapata maksi 20, watapotoshana kwa kujiamini, awepo angalau mmoja aliyefika kama 50, lakini pia asiwe mbali sana maana atafanya yeye wengine wakinakili.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi: kila mtu anafanya maswali matatu nyumbani peke yake kabla ya kuja, asiyefanya anakaa ila haongei. Mkikutana mnalinganisha majibu, na mnaongelea yale tu ambayo yametofautiana. Aliyekosa ndo anaenda ubaoni, sio aliyepata. Mkimaliza kila mtu anafunika anafanya swali jingine la aina hiyo bila msaada. Hiyo hatua ya mwisho ndo inaachwa na karibu kila kundi, kwa sababu imeshafika jioni watu wamechoka, na ndo inayoonyesha kama kikao kimefanya kazi.

Na kuna dalili moja ndogo ya kundi bovu, kila swali gumu linaishia kwa mtu yuleyule. Ukiona hivyo mwenzetu huyo anapanda na nyie mmekaa.

Mtoto anaelewa akielezwa kwa Kiswahili, kwenye mtihani anachemka. Tatizo ni hesabu?

Angalia fungu la tatu, lile la kuelewa vibaya. Mtihani uko kwa Kiingereza na tuisheni nyingi zinaelezea kwa Kiswahili, jambo ambalo mimi naliunga mkono, ila swali lenyewe lazima lisomwe kama lilivyo. Fanya hivi, mpe swali la maneno matupu, asome kwa sauti, halafu akwambie kwa Kiswahili amepewa nini na anatafuta nini, asikokotoe chochote. Maswali matano ya hivyo, dakika kumi. Akishindwa matatu basi tatizo ni kusoma swali, na ticha ambaye kila siku anatafsiri yeye anampunguzia mtoto zoezi analolihitaji zaidi. Mwambie aache mtoto atafsiri.

Nisubiri muda gani kabla ya kusema hii haifai?

Wiki mbili ni haraka mno, miezi sita ni hela na mwaka umeisha. Mimi naweka wiki nane hadi kumi ndo natoa pepa nyingine kabatini. Ila ndani ya hapo, kuanzia wiki ya nne, kuna kitu kidogo cha kuangalia: chukua swali alilokosa wiki mbili zilizopita na ambalo ticha alilielezea, libadilishe namba, umpe ghafla siku ya kawaida. Likikubali mara nyingi, subiri kwa amani. Likigoma kila mara, ongea na ticha sasa hivi.

Na maksi zinaweza kuchelewa wakati makosa yameshabadilika. Sisi tulianza na ticha mpya mwezi wa nne, katikati ya mwezi wa sita mpwa wangu akapata 33. Dada alisikitika, miezi miwili na nusu imemtoa 24 hadi 33 tu. Nikamwonyesha karatasi, fungu la kuharibu katikati limeshuka kutoka 24 hadi 9, yaani anachogusa anakipata. Kilichobaki ni kuongeza anavyogusa, na hapo ndo topiki za fomu thrii na foo zikawa na maana. Mwisho wa mwezi wa saba 41, mwezi wa tisa 48.

Maksi zimeshuka kabisa, nihame?

Kwanza angalia ni pepa ngumu au ni yeye. Mpe na mwenzake wa kundi pepa hiyohiyo, wakishuka wote pepa ndo ngumu. Akishuka peke yake fungua mafungu matatu tena. Kama lililoongezeka ni la kutogusa, muulize muda, mara nyingi ameanza kuhakikisha majibu na hajazoea, anamaliza masaa 3 akiwa swali la 10. Hilo linatibika kwa kufanya pepa kwa saa. Kama kosa la zamani limerudi vilevile kama siku ya kwanza, hapo msingi haukushika na ticha anatakiwa akueleze atafanya nini tofauti. Akijibu tu kwamba mtoto hajitumi, bila kuonyesha swali hata moja, mimi ningehama.

Sisi tuko Ukerewe, ticha wa hesabu hatumpati, tufanyeje?

Kundi la watatu kwa utaratibu ule wa juu linafanya kazi hata kisiwani. Mnachokosa ni mtu wa kusoma makosa, na huyo hahitajiki kila siku. Tafuteni mtu mmoja, mwalimu aliyeko Mwanza mjini au mwanafunzi wa chuo aliyesoma hesabu, mnampigia picha karatasi zenu mara moja kwa wiki mbili. Pigeni picha kazi yote na mlipokata, msipige majibu ya mwisho tu, na msifute. Mkubaliane mapema kwamba harudishi majibu, anazungushia mstari wa kwanza ulioharibika na basi, mnatafuta wenyewe kosa ni nini. Bando lake na muda wake mlipieni, hata kidogo.

Yule mpwa aliishia wapi?

Matokeo yalivyotoka Januari alipata C ya hesabu. Karatasi yake ile ya 24 bado ninayo, nikipata mzazi anayetaka kuona makosa yanasomwaje namfungulia hiyohiyo.